Slabu ya Wete: nilivyopanga miti na kufunika nondo

Kwa miaka mingi, kila nilipoacha stata zimesimama, nilizivika chupa tupu za maji nikajiona nimemaliza kazi. Stata ni zile nondo tunazoziacha zimechomoza zikisubiri kuungwa na ngazi au nguzo ya juu, na hapa Pemba utaziona kila penye ujenzi, zimevaa chupa. Chupa ina faida yake: mtu anaiona nondo kwa mbali, na akiipapasa hachubuki. Faida yenyewe inaishia hapo. Nililijua hilo siku kijana mmoja wa zege aliposhuka pamoja na jukwaa lililovunjika, akaangukia stata za ngazi. Nondo ya milimita 12 ilipita kwenye chupa kana kwamba haipo, ikaingia pajani.

Siku hiyo mimi nilikuwa fundi nondo tu, si msimamizi. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimenyesha usiku kucha, na asubuhi tukaanza kumwaga slabu kama kawaida. Chumba kilikuwa cha mita 4 kwa 5. Chini ya plaiwudi palikuwa na miti ya mvinje 16, mingine mifupi imeungwa: kipande juu ya kipande, kwa ubao mmoja wa ubavuni na misumari. Mti wa pembeni ya ngazi ulikuwa umekaa juu ya tofali, na tofali juu ya kifusi tulichojazia mtaro wa maji taka wiki mbili nyuma. Sote tulikuwa tunapita hapo kila siku. Wallahi hakuna hata mmoja aliyeuliza kuna nini chini ya lile tofali.

Dalili zilitangulia. Kwanza maji ya simenti yakaanza kutiririka sehemu moja, ambapo mwanzo palikuwa pakavu. Halafu kabari ikadondoka yenyewe. Kijana mmoja akaingia chini na nyundo airudishe, na bahati yake ni kwamba aliitwa kuleta maji akatoka. Juu, wenye matoroli walikuwa wanamwaga mahali pamoja, kwa sababu ndipo njia yao ilipoishia. Toroli moja la zege likijaa linaweza kufika kilo 150, nao walikwisha kumwaga manne au matano. Mti wa kwenye tofali ukazama, jirani yake aliyeungwa akakunjika kwenye maungio, na jukwaa likafunguka kama mlango, likashuka upande wa ngazi.

Watu wa kwanza kumfikia yule kijana aliyechomwa na nondo walitaka kumnyanyua wamchomoe. Mzee mmoja mkunja nondo akapiga kelele: "Yakhe, msimchomoe! Hicho chuma ndicho kizibo!" Tukamshikilia alivyo, wawili wakambeba uzito, mmoja akaishika nondo kwa mikono miwili isitikisike, na mzee akaikata chini ya paja kwa msumeno wa mkono. Grainda ilikuwepo, akaikataa kwa sababu inatikisa na kuchemsha chuma. Akapelekwa hospitali na kipande chake, juu ya ubao, nyuma ya pikapu. Alipona, ingawa mguu ule hauchuchumai sawasawa.

Miaka miwili baadaye nilipewa nyumba ya Wete niisimamie mwenyewe, na kwa bahati ilikuwa na chumba cha vipimo vile vile, mita 4 kwa 5, slabu ya sentimita 15. Nilianza kwa hesabu ambayo ningeifanya zamani pengine kusingetokea lolote. Zege lenye nondo ndani yake lina uzito wa kama kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo. Kwa unene wa sentimita 15, kila mita moja ya mraba ya slabu ni kilo 375, sawa na mifuko saba na nusu ya saruji. Chumba kizima ni mifuko 150, tani saba na nusu, kabla hujahesabu watu, matoroli na vaibreta. Ukiigawa kwa miti 16, kila mti umebeba wastani wa kilo 470, na wa katikati hubeba zaidi ya huo. Nikapanga safu tano za miti sita, mti na mti kama sentimita 90. Miti 30, wastani ukashuka hadi kilo 250.

Mwenye nyumba alipokuja kutazama akasimama mlangoni. "Fundi, mbona umenipandia msitu ndani?" Nikamwambia, "Mzee, miti hii utaiuza baadaye, slabu ikianguka huiuzi." Alicheka lakini hakupenda, na ile miti 14 ya ziada tuliisumbukia siku tatu.

Idadi peke yake haitoshi. Mti mwembamba wa karibu mita 3 hauvunjiki kwa kusagika, unapinda katikati kwanza. Ukiushika katikati usiweze kwenda kokote, mti ule ule unabeba karibu mara nne kabla haujapinda. Kwa hiyo nilipigilia mbao usawa wa kifua, safu zote, kwa urefu wa chumba na kwa upana wake, kisha nikaongeza mbao za mshazari. Hizi za mshazari ndizo mafundi wanazoziruka. Bila ya hizo, mbao za katikati zinaifunga miti ikawa kitu kimoja, na kitu kimoja hicho kinaweza kulala chote upande mmoja toroli likisimama ghafla juu. Mti ulioungwa sikuuruhusu hata mmoja. Mfupi ulikwenda kuwa kuni.

Chini nilichukua muda zaidi. Palipokuwa na jiwe la asili sikuwa na wasiwasi, ila upande mmoja palikuwa na kifusi, na mimi na kifusi tunajuana. Nilikishindilia, nikalaza mbao ndefu za inchi 2 kwa 8, kila moja inabeba miti mitatu, ili uzito usichome sehemu moja. Tofali halikutumika. Juu ya ubao zikakaa kabari mbili mbili zinazotazamana, zikagongwa mpaka mti umekaza, kisha zikapigwa msumari. Usiku wa kuamkia kumwaga kilipita kimanyunyu. Asubuhi, kabla mixa haijawashwa, nilizunguka na nyundo nikigonga kila mti: uliokaza unalia kavu, uliolegea unatikisika mkononi. Nilikuta minne imelegea.

Stata za ngazi zilikuwa sita, zimesimama sentimita 60, pale pale ambapo mtu akikosea hatua ndipo anapoangukia. Kuzikunja sikutaka, kwa sababu nondo ukiikunja kisha ukainyoosha inaweza kupata ufa usiouona, na hilo ni la injinia kuamua. Nikatengeneza mfereji wa mbao uliopinduliwa: juu ubao wa inchi 2 kwa 6, mbavuni mbao za inchi 1 kwa 4, urefu wa kutosha kuzifunika zote sita. Vichwa vya nondo vinagusa ubao kwa ndani, mbavu zinazuia usiteleze pembeni, na waya wa kufungia unaushikilia usinyanyuliwe na mtu anayepita. Mtu akiangukia hapo anaangukia ubao, na uzito wake unagawanywa kwa nondo sita. Ataumia mbavu, ila si rahisi atoboke. Nguzo zenye nondo nne nne nilizifanyia kifuniko cha namna hiyo hiyo, cha mraba. Tulikijaribu kimoja kwa mfuko wa mchanga wa kama kilo 50 tulioudondosha kutoka juu ya jukwaa. Ubao ukabonyea alama nne ndogo, nondo hazikutoka. Vijana wakaudondosha tena mara mbili kwa raha zao.

Kitu cha mwisho kilikuwa vijiti. Chini ya plaiwudi nilining'iniza vibao vyembamba vitano, kila kimoja kimepigiliwa juu, ncha yake inafika usawa wa macho. Ubavuni mwake nikachomeka kijiti ardhini, vigusane, nikachora mstari mmoja wa penseli unaovikata vyote viwili. Jukwaa likishuka, mistari inaachana. Mtu anaiona akiwa amesimama mlangoni, na hiyo ndiyo maana yake, kwani zege likianza kumwagwa sikutaka mtu chini, hata wa kurudisha kabari.

Tulianza baada ya sala ya alfajiri. Zege lilimwagwa kidogo kidogo na kusambazwa hapo hapo kwa machepeo, na njia ya toroli ilikuwa ya mbao juu ya vigoda, inahamishwa kila tunaposonga. Mistari yote ilishuka milimita mbili hivi mwanzoni, jambo la kawaida, mbao zinakaa kitako. Saa nne, kijana niliyemweka mlangoni akaita: "Fundi! Cha tatu kinakwenda!" Mimi nilikuwa juu. Nikawaambia wote washuke, vaibreta izimwe, nikaenda mlangoni kutazama. Kama milimita sita. Juu yake wenye matoroli walikuwa wamerundika tena, ile tabia yao, rundo la kufika gotini.

Nikaushika kwa macho mstari ulipofikia, na tukakaa kivulini dakika 20. Wenye zege walinung'unika kwamba linakauka, na kweli lilikuwa linakauka. Mstari ungeendelea kuachana, nisingempandisha mtu tena, slabu ingekatwa hapo na hasara ingekuwa hasara. Haukusogea. Wakapanda wawili tu, wakasimama upande uliokaza, wakalivuta rundo kulitawanya, na mstari ukabaki ulipo. Ndipo wengine wakarudi. Tulimaliza kabla ya adhuhuri.

Siku ya nane mwenye nyumba alileta gari kuchukua miti, ameshapata mnunuzi. Nikamrudisha. Mbao za ubavuni zilishatoka, lakini miti ya chini niliiacha mpaka siku ya 21, nikaanza kuitoa katikati ya chumba kwenda ukutani. Ukisimama mlangoni asubuhi, jua likiingia ubavuni, unauona mbonyeo mdogo wa dari pale palipokuwa na kijiti cha tatu. Mpaka rangi aliomba nimrudishie plasta apanyooshe. Nikamwambia apaache.