Mfuko ulivyotuondolea zamu

Mwanangu ana miaka 6 na ana kigugumizi. Nilidhani shida iko kwenye maneno, mpaka siku nilipomtazama akingoja zamu yake katika mchezo wa kutaja wanyama. Watoto walikaa duara, naye akawa anahesabu vichwa kwa macho: bado watatu, bado wawili, bado mmoja. Zamu ilipomfikia midomo ilikuwa imeshakaza, na "k-k-k-kondoo" ikatoka huku akipepesa macho. Binamu yake, kwa wema tu, akammalizia neno. Mimi nami nikasema, "Polepole, vuta pumzi." Msaada gani huo! Nilikuwa nimemjulisha tu kwamba sote tumeona.

Nikaifuta zamu. Siku hizi tunacheza na mfuko wa nguo wenye vitu saba au vinane vya nyumbani: ufunguo, kijiko, kitana, soksi. Anayetaka anatia mkono, na asiyetaka hasukumwi. Wengine tunapiga makofi na kusema kwa pamoja, "Umeshika nini, umeshika nini?" Aliyeshika anaweza kukitaja, kukitoa tukione, au kuigiza kinavyotumika, kisha wote tunakitaja kwa pamoja. Hapo kwenye pamoja ndipo mwanangu anapong'ara, maana wengi wenye kigugumizi wakisema maneno yaleyale sambamba na wenzao husema bila kukwama. Akibaki peke yake kigugumizi hurudi, kwa hiyo siuiti mchezo huu tiba. Kwa mtaalamu wa usemi tunaendelea kwenda.

Mwanzoni nilikosea jambo moja: nilimruhusu kuigiza yeye peke yake. Siku ya pili mtoto mmoja akauliza, "Kwani yeye haongei?" Tangu hapo nami huigiza, tena mara nyingi, na watoto waongeaji wakubwa wanagombania kuigiza kitana.

Anakuja pia binti wa jirani, miaka 3, mwenye maneno machache sana. Kwake nakatisha kibwagizo: "Umeshika..." halafu nanyamaza, namtazama kwa uso wa kungojea, nahesabu moyoni mpaka tano. Akisema "ini" napokea kwa furaha, "Nini! Umeshika nini?" bila kumtaka arudie. Ikipita tano naimalizia mwenyewe. Niliwahi kungoja zaidi, akamgeukia mama yake na kujificha kwenye nguo zake. Mchezo ulikuwa umegeuka mtihani.

Juzi mwanangu alitia mkono bila kuambiwa, akaamua kutaja. "S-s-s-s..." Ikachukua muda. Nilimwona binamu akifungua mdomo, kisha akaufunga. "Soksi." Tukapiga makofi yetu ya kila siku, "Soksi, soksi!", na binamu akaunyakua mfuko.