Barua ya kujitolea: tulivyorekebisha kipengele cha posho

Barua ya awali, tunayompa anayejitolea kliniki, ilisema "atapewa posho kila mwezi". Tatizo lilikuwa hapo: fedha ya kiwango kimoja, aje asije, hufanana na mshahara, na mkiachana anaweza kudai alikuwa mwajiriwa. Tulikifuta kipengele hicho tukaandika: "Utarudishiwa nauli uliyotumia, kwa tiketi ya kivuko cha Kamanga. Daladala isiyotoa risiti, jaza daftari la nauli siku hiyohiyo, msimamizi asaini."

Msimamizi huyo atajwe kwa cheo: muuguzi wa zamu, si "uongozi". Kazi ni kupima uzito wa watoto, Jumanne na Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi 6 mchana. Kuacha ni kwa upande wowote, kwa maandishi, siku 7 kabla, na nauli inayodaiwa ilipwe siku anaporudisha kitambulisho alichopewa.