Mikono machoni, miguu nje: nilivyomwelewa mwanangu anapojificha

Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu wa maandalizi, tulifundishwa kwamba mtoto wa miaka mitatu akijifunika macho huwa anafikiri hivi: mimi sioni kitu, basi na wengine hawanioni. Maelezo hayo yanatokana na Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliyesema kwamba mtoto mdogo huitazama dunia kutoka pale aliposimama yeye tu, na bado hajaweza kuwaza kwamba mwenzake aliye upande wa pili anaona vingine. Kwa mambo mengi ya watoto maelezo hayo yanafaa. Kwa hili la macho hayatoshi, na aliyenionesha ni kitinda mimba wangu, hapa kwetu Wete.

Alipotimia miaka mitatu mchezo ulikuwa huo. Msimu wa karafuu tunaanika nje ya mlango, na yeye akitaka kujificha alichuchumaa pembeni ya jamvi, juani, hana hata kijiti mbele yake, kisha akafunika macho kwa viganja viwili. Kaka zake na watoto wa shangazi yake wakicheza kibe walimpita, wakarudi, wakamgusa kichwa, naye akakasirika kweli kweli kwamba wameibia. Mambo yalikuwa mazito zaidi kwa bibi yake. Mgeni akiingia, bibi humwambia mjukuu aende kutoa shikamoo, mtoto anaziba macho na kunyamaza. Mama mkwe wangu ni mtu wa adabu za zamani, na kwake kuitwa usiitike ni ukaidi unaotaka kukomeshwa mapema. Nilitaka mambo mawili: mtoto asiadhibiwe kwa jambo ambalo si ukaidi, na wenzake wamkubali katika mchezo.

Nikaanza kwa kumuuliza, tena kwa utulivu, wakati amekwisha kula na hana usingizi. Akaziba macho. "Mama anakuona?" Akasema, "Hunioni." Nikauliza, "Na kichwa chako, nakiona?" Akajibu bila kusita, "Ndiyo." Mkono? Ndiyo. Tumbo? Ndiyo, na akalitoa mbele nilione vizuri. "Basi nakuona wewe?" Akatikisa kichwa. Hapana.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mtoto huyu hadhani kwamba mwili wake umetoweka. Anajua fika kwamba kichwa, mkono na tumbo viko wazi mbele yangu. Anachokikataa ni kwamba nimemwona yeye. Na si mwanangu peke yake anayejibu hivyo. Mwaka 1980 John Flavell na wenzake huko Marekani waliwauliza watoto wadogo maswali ya namna hiyohiyo, nao wakapata majibu ya namna hiyo: mkono wangu unauona, mimi hunioni.

Swali la pili ndilo lililoniondoa kwa Piaget. Safari hii nikaziba macho yangu mimi, yeye akiwa ametoa yake, ananikodolea. "Wewe unaniona?" Akasema, "Sikuoni." Ananitazama usoni, macho wazi mchana kweupe, anasema hanioni. Kama tatizo lingekuwa kwamba anapima kila kitu kwa anachokiona yeye, angejibu kwamba ananiona, kwa sababu ananiona kweli. Henrike Moll na Allie Khalulyan wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Kalifonia walichapisha mwaka 2017 utafiti uliofanywa hivyohivyo kwa watoto wa kati ya miaka miwili na minne. Mtu mzima alipoziba macho yake, watoto walisema hawawezi kumwona. Alipoziba masikio, wengi walisema hawawezi kumsikia. Maelezo yao ni kwamba kwa mtoto wa umri huu kuonana ni shughuli ya watu wawili. Lazima jicho langu likutane na lako, na upande mmoja ukifungwa basi shughuli yote imevunjika, haidhuru ni upande gani uliofunga.

Huko Cambridge, Uingereza, James Russell na wenzake walikuwa wameshakaribia hapo mwaka 2012. Waliwavisha watoto wa miaka mitatu na minne vitambaa vya kuziba macho, na wengi wakasema hawaonekani. Ili kujua kama sababu ni mtoto kutoona, au ni macho yake kutoonekana, walileta miwani yenye kioo upande wa nje: aliyeivaa anaona, lakini wa nje hayaoni macho yake. Miwani hiyo iliwatatiza watoto. Kati ya 37 ni 7 tu walioelewa inavyofanya kazi, na kwa idadi hiyo mtu hawezi kujenga nyumba nzima. Ila katika hao 7, 6 walisema hawaonekani hata pale walipokuwa wao wenyewe wanaona. Walijaribu pia bila ya kuziba kitu, mmoja anamtazama mwenzake na mwenzake anatazama pembeni, na hapo pia watoto wengi walisema mtu haonekani mpaka macho yakutane.

Mimi sina miwani ya kioo, lakini nina nikabu. Nikitoka kwenda sokoni huwa nimefunikwa mwili mzima, yamebaki macho. Nikasimama mlangoni nimevaa hivyo, nikamuuliza mwanangu kama ananiona. "Nakuona," akasema, na akashangaa kuulizwa. Kisha nikavua nikabu, uso wote nje, ila nikaweka kiganja juu ya macho. "Sasa?" "Sikuoni." Nguo ilipofunika karibu kila kitu nilionekana, na kiganja kimoja kikaniondoa. Huo ni ushahidi wa nyumbani kwangu tu, lakini kwa macho yangu ulisema mengi kuliko kurasa nilizosoma, na watoto kadhaa darasani kwangu skuli wamenijibu vivyo hivyo.

Baada ya hapo nikarudi kwa bibi. Sikumpa hotuba. Nilimwambia, "Mama, hebu muulize mwenyewe akiziba macho." Akamuuliza kuhusu kichwa, akamuuliza kuhusu mguu, kisha kuhusu yeye mwenyewe, na alipopata lile jibu la tatu akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamweleza ninavyoelewa: mjukuu wako akiziba macho mbele ya mgeni hakudharau. Kwa akili yake mazungumzo hayajaanza, na aliyemwita ni kama anaita nyumba isiyo na mtu. Mgeni ni uso mpya, macho yanayomkazia, na njia pekee aliyo nayo ya kujitoa ni kufunga upande wake.

Tukakubaliana namna ya kufanya. Kwanza, hakuna kumbandua mikono usoni kwa nguvu. Mikono ikibanduliwa, mtoto hufinya kope au hujitupa mapajani mwangu, na shikamoo ndiyo imekwenda. Pili, tusimwite yeye. Tuvizungumzie vile vitu anavyokubali kwamba vinaonekana. Bibi akawa anakaa chini mkekani, urefu wao ukawa sawa, anasema polepole, "Nakiona kidole cha mguu. Kinacheza. Na kitumbo nakiona, kimeshiba wali." Mtoto anatabasamu, kidole kimoja kinafunguka, jicho linachungulia. Hapo bibi halikazii lile jicho, anatazama kidogo kando, anasubiri. Mikono ikishuka yenyewe na macho yakikutana, ndipo shikamoo inapotolewa. Wageni wengine wana haraka na huondoka kabla, na bibi siku hizi huwaombea radhi wao, hamgombezi mtoto.

Kwenye kibe dawa ikawa ileile. Kumwambia "jifiche vizuri" hakukusaidia kitu, maana kwa hesabu yake ameshajificha vizuri. Kumwambia "tunakuona" kulimuudhi tu. Nikawafundisha kaka zake wamuulize kwa viungo. Akijibana nyuma ya mlango, mguu umetokeza, wanamwambia, "Mguu wako mtafutaji anauona?" Anafikiri, anasema ndiyo, anauvuta ndani. "Na mgongo?" Anajisogeza ukutani. Kiungo kwa kiungo anafika mahali ambapo mtafutaji hamwoni kweli. Macho ameziba bado, na sikuona sababu ya kumkataza. Mdogo wa namna hii nilimpa pia mkubwa wa kujificha naye, ili awe na mtu wa kumuuliza hayo maswali wakati mtafutaji anahesabu. Ugomvi ukapungua, na watoto wa shangazi wakaacha kusema kwamba anaharibu mchezo.

Barabarani sitegemei mafunzo haya hata kidogo. Bodaboda ikija, mtoto wa umri huu anaweza kuziba macho na kusimama palepale, kwa hiyo namshika mkono, tena kwenye kifundo, si kwa vidole.

Lipo pia jambo ambalo mzazi asilichanganye na mchezo huu. Mtoto anayejificha huziba macho pale ambapo kuna mtu, na akimaliza huyafungua kwa furaha. Anayeziba kila akitoka nje kwenye jua hata akiwa peke yake, macho yanatoa machozi, mekundu, au mboni inaonekana nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, huyo apelekwe hospitali bila ya kungoja. Na yule ambaye hatafuti macho ya mtu yeyote, hata ya mama yake akimlisha, naye anastahili kuangaliwa na mtaalamu, kwa sababu mtoto anayecheza kujificha yeye hutafuta macho sana.

Darasani kwangu wanaokaribia miaka mitano wengi wameshaacha. Nikiziba macho na kuwauliza kama wananiona, hunitazama kama niliyeuliza swali la kitoto, wakajibu, "Mwalimu, si wewe huyo?" Wa miaka mitatu waliokaa mkeka mmoja nao bado wanasema hawanioni, na siwasahihishi. Nawauliza kuhusu mikono yangu, na kichwa changu, na ushungi wangu, halafu nawaacha wabishane na wakubwa wao.