Februari iliyokataa kutulia: nilivyofunga viwango vya sarafu kwenye data ya oda

"Kaka, hii Februari yako imekwisha au bado inaendelea?"

Mhasibu wetu aliniuliza hivyo tarehe 20 Machi, mkononi ana karatasi mbili. Zote zilitoka kwenye dashibodi niliyoitengeneza mwenyewe. Ya kwanza, aliyoichapisha tarehe 5 Machi, ilisema oda za euro za Februari zilileta dola 218,000. Ya pili, ya asubuhi hiyo, ilisema 212,000. (Namba humu nimezirahisisha ili hesabu ifuatike kwa kichwa.)

Kwanza nilishuku kuna oda zimefutwa. Nikafungua nakala ya hifadhidata ya tarehe 5 na kujumlisha oda za Februari kwa sarafu yake ya asili, bila kubadilisha chochote. Nikapata euro 200,000. Nikajumlisha kwenye hifadhidata ya siku ile, nikapata 200,000 zilezile. Hapo nikajua tatizo haliko kwenye oda. Mpaka leo hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: jumla ya sarafu ya asili ikiwa imetulia huku jumla ya dola inacheza, kosa liko kwenye kiwango.

Nikaisoma tena SQL yangu:

```sql
SELECT SUM(o.amount * r.rate)
FROM orders o
JOIN latest_rates r ON r.currency = o.currency;
```

Jina la jedwali limejieleza lenyewe. Kila ripoti ilipofunguliwa, oda zote, hata za mwaka uliopita, zilizidishwa kwa kiwango cha siku hiyo. Tarehe 5 euro ilikuwa dola 1.09, tarehe 20 ikawa 1.06. Dola 6,000 ziliyeyuka bila mteja hata mmoja kufanya lolote. Wakati oda zenyewe zinaingia, kiwango kilikuwa 1.08, kwa hiyo namba iliyotakiwa ilikuwa 216,000, ambayo haikuwa kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili.

Nilidhani dawa ni nyepesi: tumia kiwango cha tarehe ya oda. Mhasibu akaniuliza, tarehe ipi? Akanipa mfano wa kubuni: oda moja ya euro 50,000, ya mteja anayelipa kwa ankara. Iliwekwa tarehe 26 Februari kwa 1.08, sawa na dola 54,000. Mzigo ulimfikia tarehe 5 Machi kwa 1.09, sawa na 54,500. Akalipa tarehe 20 Machi kwa 1.06, zikaingia 53,000. Oda moja, namba tatu, na miezi miwili tofauti.

Alinieleza kwamba kwa vitabu vyao, vinavyofuata IAS 21, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa fedha za kigeni, mapato hupimwa kwa kiwango cha siku yanapotambuliwa, na kwa mauzo kama haya siku hiyo ni ya kukabidhi mzigo. Kwa hiyo mapato ni 54,500. Ile 1,500 iliyopungua hadi siku ya malipo ni hasara ya kubadilisha fedha, inaandikwa mahali pake na haigusi mapato. Mteja akilipa kabla ya kupokea mzigo, mambo yanageuka: kinachotumika ni kiwango cha siku malipo ya awali yalipopokelewa.

Bahati yetu, oda nyingi hulipwa kwa kadi papo hapo, kwa hiyo siku ya oda ndiyo siku ya malipo. Tukakubaliana dashibodi itumie tarehe ya malipo kwa oda hizo na tarehe ya kukabidhi kwa zile za ankara. Niliweka safu mpya, `fx_date`, inayojazwa kwa sheria hiyo, ili kila anayeandika ripoti asijichagulie tarehe anayoipenda.

Viwango tulivichukua Benki Kuu ya Ulaya, na hapo nikajikwaa mara mbili. Benki hiyo haitoi viwango Jumamosi na Jumapili. `JOIN` yangu ya tarehe kwa tarehe ikazidondosha kimyakimya oda zote za wikiendi, bila kosa lolote kwenye skrini. Niligundua kwa kuhesabu mistari: oda zilizotoka zilikuwa pungufu ya zilizoingia.

La pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Viwango vyao hutoka kama saa kumi jioni kwa saa za Ulaya ya Kati. Oda iliyolipwa asubuhi ilipewa kiwango cha jana, kwa kuwa cha leo kilikuwa bado. Kazi ya usiku ilipopita tena, ikakipata cha leo na kuibadilisha namba. Februari nyingine isiyotulia! Tukaamua kutumia kiwango cha mwisho kilichotangazwa kabla ya siku yenyewe, hata kama cha siku hiyo kimeshatoka:

```sql
LEFT JOIN LATERAL (
  SELECT rate, rate_date FROM fx_rates
  WHERE currency = o.currency
    AND rate_date < o.fx_date
  ORDER BY rate_date DESC LIMIT 1
) r ON true
```

Alama ni `<`, si `<=`. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zote hupata kiwango cha Ijumaa. `LEFT` inahakikisha oda isiyo na kiwango inabaki ikiwa tupu, ionekane na kuulizwa. Kisha `rate` na `rate_date` zinaandikwa kwenye oda mara moja na hazihesabiwi tena. Kiasi cha asili na sarafu yake havifutwi kamwe. Dola naihesabu kama kitu cha kuzalishwa tu.

Marejesho ndiyo yaliyonitoa jasho. Mteja alilipa euro 10,000 Februari, tukaandika dola 10,800. Machi akarudishiwa zote, kiwango kikiwa 1.06, tukaondoa 10,600. Ripoti ikabakiza mapato ya dola 200 kutoka kwa oda iliyofutwa kabisa. Sasa mstari wa marejesho hurithi kiwango cha oda yake mama, mapato yanarudi sifuri, na zile 200 zinakwenda kwenye safu ya `fx_diff`.

Aprili mkuu wa mauzo akaja na lake. Dashibodi ilionyesha 216,300 dhidi ya 216,000 za Februari, naye akalalamika kwamba timu yake imefanya kazi bure. Kumbe euro zenyewe zilikuwa 210,000, zaidi ya Februari kwa asilimia 5, ila kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 1.03. Nikamwekea safu ya pili inayopima miezi yote kwa kiwango kimoja cha 1.08: Aprili ikasoma 226,800. Safu hiyo haifungi vitabu wala hailinganishwi na fedha iliyoko benki. Inapima mauzo peke yake. Nimeiandika hivyo juu yake kwa herufi nene, kwa sababu wiki ya kwanza tu kuna mtu aliinakili kwenye ripoti ya mapato.

Tulipoanza kutumia viwango vilivyofungwa, Februari ilibadilika mara ya mwisho, kutoka 212,000 hadi 216,000. Mhasibu aliichapisha, akaandika tarehe pembeni, akaipiga pini ukutani nyuma ya kiti changu. Kila Jumatatu huja kuilinganisha na skrini.