Madaftari yangu ya Kijerumani: jinsi nilivyozoea der, die na das

Madaftari mnayoyaona pichani ni yangu ya kujifunzia Kijerumani, na rangi tatu zilizojaa kila ukurasa si mapambo. Mimi ni muuguzi, makazi yangu ni Mombasa, na lugha hii naisomea kwa ajili ya kazi. Baadhi ya wenzangu wameniuliza ninakumbukaje kwamba meza ni der, saa ni die na dirisha ni das, ilhali maneno yenyewe hayaonyeshi lolote. Utaratibu ninaoufuata ndio huu.

Nomino za Kijerumani zimegawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina kibainishi chake, yaani der, die au das, kinachotangulia nomino. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili halipaswi kuwa geni, kwa sababu sisi tumekulia katika ngeli. Tukiuliza "Ufunguo uko wapi?" tunajibiwa "Uko mezani", na hakuna anayesema "Kiko". Mjerumani naye huuliza "Wo ist der Schlüssel?" na kujibiwa "Er ist auf dem Tisch", akitumia er kwa kuwa ufunguo ni wa kundi la der. Kama kilichopotea ni saa, die Uhr, jibu lingeanza kwa sie. Huo ni upatanisho ule ule tunaoufanya sisi kila tufunguapo kinywa. Tofauti ni kwamba ngeli zetu nyingi hujitambulisha mwanzoni mwa neno, kama kiti na viti au mti na miti, wakati neno Schlüssel likisimama peke yake halikuambii ni la kundi gani. Kwa maoni yangu, nomino ya Kijerumani iliyoandikwa daftarini bila kibainishi chake imeandikwa nusu.

Ukurasa uliofunuliwa pichani ni wa maneno ya hospitalini. Kushoto kuna Kiswahili, na kulia kuna Kijerumani, umoja na wingi pamoja: der Arzt, die Ärzte kwa daktari, die Tablette, die Tabletten kwa kidonge, das Pflaster, die Pflaster kwa plasta. Maneno ya der nayaandika kwa kalamu ya buluu, ya die kwa nyekundu, ya das kwa kijani. Wingi nauandika papo hapo kwa sababu hauna kanuni moja: Arzt limeongezewa nukta mbili juu ya herufi ya kwanza na e mwishoni, Tablette limepata n, na Pflaster halikubadilika hata kidogo. Isitoshe, katika wingi makundi yote matatu huchukua die, kwa hiyo rangi pekee ndiyo inayobaki kuonyesha neno limetoka wapi.

Chini ya kila neno kuna sentensi mbili fupi, na hapo ndipo rangi zinapoonyesha faida yake kamili. Sentensi ya kwanza huweka nomino mahali pa kitu kinachotendwa: Ich hole den Arzt, namwita daktari, Ich hole die Tablette, nachukua kidonge, Ich hole das Pflaster, nachukua plasta. Ni der peke yake iliyogeuka ikawa den. Sentensi ya pili hutumia mit, yaani "pamoja na" au "kwa", na hapo vyote hubadilika: mit dem Arzt, mit der Tablette, mit dem Pflaster. Mwanafunzi akiona der mbele ya Tablette anaweza kudhani kidonge kimehamia kundi la daktari. Kwenye daftari langu hiyo der imeandikwa kwa wino mwekundu, kwa hiyo jicho linakumbushwa kwamba neno halijahama, ila kibainishi ndicho kilichobadilika kwa sababu ya mit.

Aliyekariri nomino tupu hujulikana mara anapoanza kuzungumza. Husita kidogo kabla ya kila nomino, au humeza kibainishi ikasikika "de" tu, isiyo der wala die. Mwalimu husikia pengo hilo hata kama msamiati wa mwanafunzi ni mpana, na kulirekebisha baadaye ni kazi kubwa, maana mamia ya maneno hurudiwa upya moja baada ya jingine. Orodha ya msamiati wa mtihani wa Kijerumani wa Taasisi ya Goethe katika ngazi ya mwanzo, A1, ina maneno 650 hivi, na katika ngazi ya B1 inakaribia 2,400.

Si kila neno linahitaji kukaririwa, hata hivyo. Kurasa za mwisho za daftari la kijani nimezitengea viishio vinavyoaminika. Majina yanayomalizikia -ung, -heit, -keit na -schaft yanapojengwa kwa viambishi hivyo ni ya die, na wingi wake huongeza -en: die Wohnung, die Wohnungen, yaani nyumba ya kupanga. Yenye -chen ya udogo ni ya das, hata das Mädchen, msichana. Maneno marefu ya kuunganishwa hufuata kundi la kipande cha mwisho: Haus ni das, kwa hiyo hospitali ni das Krankenhaus, haijalishi kilichotangulia ni nini. Yanayoishia kwa -e mengi ni ya die, lakini hapo pana mitego kama der Name, der Käse na das Auge, nami nimeyazungushia duara. Kiishio -er sikitegemei kabisa nisipojua maana, kwa kuwa sahani ni der Teller, siagi ni die Butter, na dirisha ni das Fenster.

Alama ndogo zilizo pambizoni ni za marudio. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yaliyoonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale tunayokariri hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Kwa hiyo ukurasa mpya naurudia jioni ile ile, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki moja, na baada ya wiki mbili. Nafunika upande wa kulia kwa karatasi, nasoma Kiswahili, kisha natamka kwa sauti kibainishi, nomino na wingi kabla ya kufunua. Nikipata nomino na kukosa kibainishi, nahesabu nimekosa, na naweka nukta. Neno lenye nukta tatu nalihamishia daftari dogo jekundu pamoja na sentensi mpya inayohusu kazi yangu, kwa sababu sentensi ya zamani imeshindwa kulishika. Sizidishi maneno kumi kwa siku, maana ya leo yatarudi kesho yakiwa na ya juzi.

Daftari la nne, lile lililofungwa, ni la vitenzi, nalo nalijaza kwa mpango huo huo. Kitenzi kinaandikwa pamoja na umbo lake la wakati uliopita na kisaidizi chake: gehen, ist gegangen kwa kwenda, na holen, hat geholt kwa kuchukua. Vinavyotaka kisaidizi sein, kile kinachoonekana kama ist kwenye gehen, ni vichache, vingi vikiwa vya mwendo au mabadiliko ya hali, kwa hiyo hivyo ndivyo ninavyoviandika kwa wino mwekundu. Vingine vyote vinabaki na wino wa kawaida.