Nilivyozinyoosha "one of" na "together with" kwenye barua za ofisi

Kazi yangu katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa ni kupitia barua na ripoti za Kiingereza kabla hazijamfikia mteja. Sentensi moja ilikuwa ikirudi mezani kwangu kila mara, ikiwa na sura tofauti: "One of our clients have complained about the delay." Anayeiandika anajua fika kwamba "one" ni umoja. Kinachomponza ni kwamba neno lililo jirani na kitenzi ni "clients", na mkono hufuata jirani. Nikisahihisha kwa kalamu tu, wiki inayofuata kosa linarudi, kwa hiyo nilitafuta kipimo ambacho mwandishi atajipimia mwenyewe.

Kipimo nilichokipata ni Kiswahili chetu. Igeuze sentensi: "Mmoja wa wateja wetu amelalamika." Hakuna anayesema "mmoja wa wateja wetu wamelalamika", masikio yangemkataa papo hapo. Ukisikia *a-*, andika "has". Kiswahili kinatulinda pia na kosa la upande wa pili, la kuandika "one of our client", kwa sababu hatusemi "mmoja wa mteja wetu".

Angalizo: kitenzi "ni" hakifai kwa kipimo hiki, kwa kuwa hakionyeshi umoja wala wingi. Ukigeuza "One of the reasons is the rain" utapata "Mojawapo ya sababu ni mvua", na hapo hujajua kama ni "is" au "are". Badilisha kitenzi: "Mojawapo ya sababu inatokana na mvua." Umesikia *i-*, si *zi-*, basi ni "is".

Panapowatatiza hata waandishi wazuri ni palipo na "who" au "that" katikati. Nilipewa ripoti yenye sentensi hii: "One of the clients who has complained are based in Kampala." Vitenzi viwili, na vyote vimekaa pasipo pake. Niliigeuza mbele ya mwenzangu aliyeiandika: "Mmoja wa wateja waliolalamika yuko Kampala." Tukakikata kitenzi cha kwanza vipandevipande, *wa-li-o-lalamika*. Waliolalamika ni wateja, wengi, kwa hiyo "who have complained". Aliyeko Kampala ni mmoja, *yuko* wala si *wako*, kwa hiyo "is based". Kirejeshi chetu kinatamka waziwazi kile ambacho "who" ya Kiingereza inakificha, kwa kuwa "who" haibadiliki kwa umoja wala wingi. Ukiongeza "the only" mambo yanageuka: "She is the only one of our clients who has complained", yaani yeye ndiye pekee kati ya wateja wetu *aliyelalamika*. Kiswahili kimeshasema *a-*.

Kwa "together with" nilikiweka kipimo hicho kando kabisa, maana hapa Kiswahili kinapotosha. Sisi tunasema "Meneja pamoja na madereva wawili walikuwa bandarini", na ni Kiswahili safi. Kiingereza rasmi kinataka "The manager, together with two drivers, was at the port." Mwenzangu aliniuliza, "Lakini si walikuwepo wote watatu?" Kweli walikuwepo. Ila katika Kiingereza cha barua rasmi, "together with" haiongezi idadi ya kiima kama "and" inavyoongeza. Inaning'iniza maelezo pembeni tu. Hivyo nilimwonyesha aweke kidole juu ya maneno yaliyo kati ya mkato na mkato. Kinachobaki ni "The manager ... was at the port", na kitenzi kinajichagua. "Along with" na "as well as" huenda njia hiyohiyo.

Kiima kikiwa wingi tangu mwanzo, kitenzi nacho ni wingi: "The drivers, together with the manager, were at the port." Na pale ambapo watu wote wana uzito sawa katika habari, mimi huiondoa "together with" na kuandika "The manager and two drivers were at the port." Naona ni bora zaidi, kwa sababu msomaji hasitishwi na "was" inayofuata watu watatu.

Kabla barua haijatoka, ninabonyeza Ctrl+F na kutafuta "one of", kisha "with" na "as well as". Sihangaiki na kila ninachokikuta. "One of our clients complained" haina la kupatanisha, kwa kuwa "complained" ni ileile kwa mmoja na kwa wengi. Na "will" vilevile. Ninasimama kwenye "has" na "have", "is" na "are", "was" na "were", na vitenzi vya wakati uliopo vinavyodai "s" mwishoni.