Siku yangu moja Mwanjelwa: oda namba, trakingi namba na weibili, kila moja ina mtu wake

Saa 12 na nusu asubuhi. Bado niko kitandani maana baridi ya Mbeya mwezi wa saba sio ya kuchezea, simu inaita, ni mwalimu mmoja wa Uyole. "Fundi shikamoo ya bure hiyo, kioo changu cha simu vipi?" Nikamwambia mwalimu marahaba, ila kusema kweli roho iliniuma, maana nilimuahidi Jumatano na leo ni Alhamisi. Kioo chake kiko kwenye katoni la vioo ishirini lililotoka Dar na basi la Jumanne usiku, lilitakiwa kuwa dukani kwangu jana mchana na halijaonekana.

Saa 2. Nimefungua duka, chai na chapati mbili, daftari mezani. Kila mzigo ninaoagiza China una mstari wake na nafasi tatu: oda namba, trakingi namba, weibili namba. Oda namba anakupa muuzaji kupitia apu pale unapolipia, inatambulisha biashara yenu nyie wawili, nani kanunua nini, rangi gani, kwa bei gani. Trakingi namba inakuja siku mbili tatu baadae, hii anaitoa msafirishaji akishabandika stika yake kwenye katoni, na inatambulisha katoni lenyewe wala haijui ndani kuna nini. Weibili ni namba ya hati ya usafirishaji, ile karatasi inayosema mzigo umepokelewa kutoka kwa fulani, unaenda kwa fulani, vipande vingapi, umelipiwa kiasi gani. Kwa sisi wa mikoani weibili tunayoijua zaidi ni ya basi.

Sasa kwenye mstari wa katoni hili nafasi ya tatu ilikuwa wazi. Kijana wa wakala wetu Kariakoo alinitumia picha ya risiti ya basi Jumanne usiku na mimi nikaitikia "poa kaka" bila kuikuza.

Saa 3. Bajaji mpaka stendi kuu, ofisi ya mizigo. Mbele yangu kuna mama mmoja kashika simu anamuonyesha dada wa dirishani oda namba kwenye apu, tarakimu tupu ndefu kama treni, dada anapitisha kidole kwenye orodha ya mizigo ya jana anasema mama hii haipo. Mama anakasirika, si mnaona kabisa nimelipia? Na wote wawili wana haki. Ile namba iko kwenye kompyuta ya muuzaji tu, huyu dada hajawahi kuiona na hana pa kuiingiza. Nikamwambia mama mpigie aliyekutumia, mwambie akupe namba iliyo juu ya risiti aliyopewa na basi, hiyo ndio itasomeka hapa.

Zamu yangu ikafika nikafungua ile picha. Ni nakala ya kaboni, wino umefifia, 0461 halafu tarakimu ya mwisho inaweza kuwa 1 au 7, na pembe ya picha imekatwa. Dada akajaribu 04611, ikatoka mabegi mawili ya mtu mwingine kabisa. Akajaribu 04617, hewa. Nikampigia kijana wa Kariakoo, kaka naomba upige tena picha ya risiti yote pembe nne na uniandikie namba kwa meseji, akatuma, ni 04617 kweli, chini yake imeandikwa katoni 1, vioo vya simu, jina langu na namba yangu, Mbeya.

Namba ipo na mzigo haupo. Dada akachukua ile karatasi ya orodha inayosafiri na gari, 04617 ipo kwenye orodha ila haina tiki ya kushushwa. Hapo ndio weibili inapokuwa na nguvu, maana hujibishani tena kama mzigo ulipokelewa au la, unauliza swali moja tu, gari liliendelea wapi baada ya hapa? Liliendelea Tunduma. Akapiga simu ofisi ya Tunduma akawasomea namba, dakika kumi jibu likarudi, katoni wanalo, wameliweka pembeni tangu jana maana halikuwa na mwenyewe. Namba ya maka peni ilikuwa upande wa chini wa katoni, upande wa juu ilibaki ile stika ya China yenye bakodi kubwa, aliyekuwa anashusha Mbeya akasoma namba za stika akaona hazifanani na chochote kwenye orodha yake akaliacha ndani ya buti. Linarudi na gari la mchana.

Tangu leo nimemwambia kijana wa wakala stika ya zamani aifunike na gundi ya karatasi au aikate X kubwa, na weibili aiandike pande mbili.

Saa 5. Niko dukani, nabadilisha chaji sistimu ya simu ya bodaboda. Akaingia mwanafunzi wa MUST ana karatasi ya DHL, ametumiwa vyeti na ndugu yake aliyeko nje, anasema fundi wewe unaagizaga sana, hapa naona imeandikwa Waybill tu, trakingi namba iko wapi? Nikaiangalia, tarakimu 10. Nikamwambia mdogo wangu ndio hiyohiyo. Kampuni ya kuria inayobeba mzigo yenyewe kutoka mlango wa mtumaji mpaka wa mpokeaji haina haja ya namba mbili, namba ya hati ndio ya kufuatilia. Akaiingiza pale pale kwenye simu ikasoma. Kwa huyu mambo ni mepesi. Ugumu unaanza pale mzigo unapobadilisha mikono njiani, kila mkono unaanza namba yake na hauijui ya mwenzie.

Saa 7 mchana. Wali maharage unapoa mezani kwa sababu ya mzigo mwingine. Nina oda ya betri, apu inaniambia `Delivered` tangu Jumapili. Mara ya kwanza kuona hivyo mwaka juzi nilikimbia mpaka posta kuuliza, leo najua maana yake. Mimi nampa muuzaji anwani ya stoo ya wakala kule Guangzhou, kwa hiyo kuria wa ndani ya China kazi yake inaishia mlangoni pa ile stoo, mtu akisaini trakingi inafungwa, Delivered. Betri bado zina safari ya ndege mpaka Dar na basi mpaka Mbeya, na ile trakingi haitasogea tena hata uiangalie mara mia.

Shida ni kwamba wakala anasema stoo hawajauona. Nikarudi kusoma chati yetu nikaona kosa, mdogo wangu wa dukani alimtumia oda namba. Watu wa stoo wanapokea katoni kwa kuskani stika ya kuria, oda namba hawana. Nikafungua apu, nikashuka mpaka kwenye maelezo ya usafirishaji, nikanakili trakingi inayoanza na YT na tarakimu 13 mbele yake, nikatuma kwa kukopi sio kwa kuandika na kidole, pamoja na jina la alama yetu ya mzigo. Nusu saa likajibiwa: lipo, limewekwa rafu ya mizigo isiyo na alama, muuzaji hakuandika alama yetu juu ya katoni. Lingekaa pale mpaka mwezi wa tisa.

Wakala kwa wema tu akanitumia na namba ya hati ya ndege ya mzigo uliopita, tarakimu 11, tatu za mwanzo 176 ambazo ni za Emirates. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa shirika unaona ndege imetua, ni sawa, ila usipige simu shirika la ndege ukadai katoni lako kwa namba hiyo. Hati ile ina mizigo ya watu kibao imeandikwa kwa jina la wakala, kwao mwenye mzigo ni yeye.

Saa 10 jioni. Katoni la vioo limefika kutoka Tunduma! Nimelipia, nimesaini, dada wa mizigo nikamwambia ndaga fijo maana alihangaika kweli.

Saa 11. Nafungua mbele ya kamera ya simu kama kawaida. Vioo ishirini vipo, ila vitatu ni modeli sio, flekisi yake ni fupi na kiunganishi kimekaa kushoto. Hapa sasa namba zote mbili za njiani hazina kazi. Basi lilibeba katoni moja likaleta katoni moja, kuria hali kadhalika. Aliyekosea ni aliyepaki, na yeye anatafutwa kwa oda namba.

Na lazima iwe oda namba iliyo sahihi, maana katoni hili lilibeba oda mbili, muuzaji alizifunga pamoja zikapata trakingi moja. Ningemtumia trakingi angeona oda mbili asijue nalalamikia ipi. Nikapitia moja moja, vile vitatu vilikuwa oda ya pili, nikafungua lalamiko ndani ya oda hiyo, nikaweka video na picha ya kiunganishi cha kilichokuja pembeni ya nilichoagiza. Kilichonipa presha ni muda. Kwenye apu ninayotumia siku za kulalamika zinahesabiwa kuanzia pale oda iliposomeka Delivered, yaani Guangzhou, sio Mwanjelwa, hivyo wakati katoni linazurura Tunduma siku zangu zilikuwa zinakatwa. Zilibaki mbili. Ndio maana mzigo ukikaribia mwisho wa siku mimi huomba muda uongezwe kabla hata sijaugusa, kitufe kipo ndani ya ukurasa wa oda.

Saa 1 usiku. Muuzaji kajibu, anaomba picha ya stika ndogo iliyo nyuma ya kioo, nimetuma. Kioo cha mwalimu kilikuwa oda ya kwanza, ni kizima, nimekijaribu kwenye simu yake bila kukigandisha na tachi inaitika pembe zote. Nimempigia aje kesho saa tatu. Halafu nikachukua daftari, mstari wa vioo, nafasi ya tatu, nikaandika 04617, saba nikaipiga mstari katikati.